Nailoni Kwanza: Sakafu ya Zege kwa Nyumba za Nyanda za Baridi

Mwezi wa saba mjini Njombe, mtu hashushi miguu kitandani kabla hajazipapasa ndala. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa kusi huvuma usiku kucha. Ukipanda zaidi, hadi uwanda wa Kitulo, asubuhi za msimu huo unaweza kukuta majani yamefunikwa na sakitu. Ndani ya nyumba watu huvaa masweta, huziba nyufa za madirisha kwa vitambaa, na huwasha jiko mapema. Sakafu peke yake ndiyo husamehewa. Ukiuliza utajibiwa kwamba zege ndivyo lilivyo, ni baridi.

Siamini kwamba ni lazima liwe hivyo. Dada yangu alipoamua kujenga nje kidogo ya mji huo, ili amchukue mama yetu ambaye magoti yake hayapatani na baridi, tuliamua kushughulika na sakafu kabla ya kuzungumzia dari au rangi. Ramani ilikuwa ya mita 8 kwa 10. Chumba cha mama, mita 3 kwa 4, kiliangukia kona ya kusini mashariki, hivyo kuta zake mbili zinapigwa na upepo. Tulichojifunza kwenye kona ile ndicho ninachotaka kukieleza hapa, kwa sababu nyumba nyingi za nyanda za juu zinajengwa kwa namna moja na zinapoteza joto mahali pamoja.

Kwanza tujue joto linakotokea. Wengi hudhani kwamba linazama moja kwa moja chini, ardhini. Sivyo hasa. Udongo ulio mita kadhaa chini haufuati baridi ya usiku wala jua la mchana. Hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo, ambao kwa miinuko kama ya Njombe ni kama nyuzi 16 hivi. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba nao umefunikwa, hauoni upepo wala mvua, kwa hiyo hukaa na joto lake. Anayechoma viazi kwenye majivu ya moto anaijua habari hii: kiazi cha katikati hukaa moto muda mrefu, cha pembeni hupoa kwanza.

Sakafu nayo hupoa kutoka pembeni. Kutoka katikati ya sebule hadi hewa ya nje, joto lina safari ya mita kadhaa ndani ya udongo. Kutoka kwenye sakafu iliyo karibu na ukuta, safari hiyo ni unene wa ukuta tu. Nasi tumeifanya iwe rahisi zaidi kwa desturi yetu ya kujenga. Mafundi wengi huinua ukuta wa msingi, hujaza kifusi ndani, kisha humwaga jamvi la zege likipita juu ya ukuta wa msingi hadi ukingo wa nje, ndipo kuta za nyumba zinapoanza juu yake. Jengo linakuwa imara, lakini jamvi limekuwa ulimi mmoja wa zege wenye unene wa sentimita 10, mzizi wake ukiwa chini ya kitanda chako na ncha yake ikilamba upepo wa kusi. Ukizunguka nyumba ambayo haijapigwa lipu utauona ulimi huo kwa macho, mstari wa kijivu unaozunguka nyumba nzima.

Zege hupitisha joto vizuri. Povu gumu la polistirini, lile jeupe linalofungashiwa televisheni, hulizuia vizuri mno, kwa sababu sehemu yake kubwa ni hewa iliyofungiwa kwenye vijishimo vidogo. Kipande cha povu hilo chenye unene wa sentimita 5 huzuia joto sawa na zege lenye unene wa karibu mita 2. Hakuna atakayemwaga zege la mita 2, lakini sentimita 5 za povu zinabebeka.

Swali ni kuliweka wapi. Tulipiga hesabu ya nyumba ya dada kwa kanuni ambazo wahandisi huzitumia kwa sakafu zinazogusa ardhi. Povu la sentimita 5 chini ya sakafu nzima lingepunguza upotevu wa joto kupitia sakafu kwa karibu nusu. Eneo lake ni mita za mraba 80. Povu hilohilo likisimamishwa wima kuzunguka ukingo wa nje, kimo cha sentimita 60 kushuka chini, lingepunguza upotevu kwa karibu robo, na eneo lake ni mita za mraba 22 tu. Kwa maneno mengine, kwa robo ya povu unapata nusu ya faida. Na hesabu hiyo haijautia ulimi wa zege niliousema. Ukiwemo, ukingo unastahili zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisemi, kwa sababu huko kila nyumba hupashwa moto. Nyumba nyingi za Njombe hazipashwi moto usiku. Saa kumi alfajiri hewa ya ndani inaweza kushuka hadi nyuzi 13, na hapo udongo wa chini ya katikati ya nyumba, ulio na nyuzi 16, ndio wenye joto kuliko chumba. Ukiutenga kabisa kwa povu unajinyima joto hilo dogo. Kwa hiyo nyumba isiyopashwa moto inafaa izibwe ukingoni na kuachwa wazi katikati. Chumba kinachopashwa moto kila jioni, au kinachopokea jua la mchana kupitia dirisha kubwa, ndicho kinachofaidi povu chini ya sakafu yote. Dada alipanga kuwasha moto chumbani kwa mama kila jioni, kwenye sehemu ya moto yenye bomba la kutolea moshi. Hivyo tukaamua kuweka povu ukingoni kwa nyumba nzima, na povu chini ya sakafu ya chumba cha mama peke yake.

Hapo ndipo fundi wetu na mimi tulipotofautiana, na ubishi wenyewe ulikuwa na maana. Yeye alitaka kutandika povu juu ya kifusi, kisha nailoni juu ya povu, kisha zege. "Kaka, nailoni ni nailoni," alisema. "Ikae juu au chini, maji hayapiti." Ni kweli kwamba maji yasingefika kwenye zege. Lakini povu lingebaki upande wa ardhi, likilala kwenye unyevu mwaka baada ya mwaka. Povu jeupe limeundwa na punje zilizobanwa pamoja, na kati ya punje kuna njia nyembamba ambazo maji huzipata polepole. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa tulivu. Kila tone linalochukua nafasi ya hewa linaliondolea povu kazi tuliyolinunulia. Kwa hiyo nailoni inatangulia: ardhi chini, nailoni, kisha povu likiwa kavu juu yake, kisha zege.

Fundi naye alikuwa na hoja moja ambayo nilimkubalia mara moja. Zege likimwagwa moja kwa moja juu ya povu, uji wa saruji hupenya kwenye maungio ya vipande, hukauka huko, na kila ungio hugeuka ukuta mdogo wa saruji unaopitisha baridi. Dawa yake ni kutandika karatasi nyingine ya nailoni, nyepesi, juu ya povu. Hiyo ya juu haizuii maji ya ardhi. Inazuia uji wa saruji tu, na hata ikitoboka kidogo si balaa. Nailoni ya kutegemewa ni ile ya chini.

Tuanze basi na hiyo ya chini. Kifusi cha moramu kilishindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kupigwa kwa kompakta. Juu yake ikaja tabaka ya mawe. Mawe yana ncha, na nailoni haipatani na ncha, kwa hiyo juu ya mawe tulitandaza mchanga wa sentimita 5 na kuusawazisha mpaka fundi akaweza kutembea pekupeku bila kuchomwa. Hicho ndicho kipimo chetu, na hakikutuangusha. Kwenye chumba cha mama uso wa mchanga uliachwa chini kwa sentimita 5 zaidi, ili povu likiingia zege libaki na unene uleule nyumba nzima. Dawa ya mchwa ilinyunyizwa juu ya mchanga siku moja kabla.

Nailoni yenyewe iwe nyeusi na nene, geji 1000 kwa uchache, yaani maikroni 250. Ile nyembamba ya kufunikia mboga haifai hata kidogo. Kipande na kipande vipandane sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe. Pembeni nailoni isiishie kwenye kona ya sakafu. Ipite juu ya ukuta wa msingi, chini ya jamvi, hadi uso wa nje, ili unyevu unaopanda ndani ya tofali za msingi ukute mlango umefungwa. Kwenye nyumba ambayo jamvi linakaa ndani ya kuta, nailoni ipandishwe ukutani na kuungana na ukanda wa kuzuia unyevu uliolazwa kwenye tofali, angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Pakiwa na pengo kati ya hizo mbili, hata la upana wa vidole viwili, maji yatalipata.

Nailoni ikishatandikwa, adui wake mkubwa ni mafundi wenyewe. Nilishuhudia vijana wakipigilia vipande vya nondo ardhini ili wapime usawa wa zege, kila kimoja kikiacha tundu katikati ya kazi nzuri. Usawa upimwe kwa kamba zilizofungwa kwenye mbao za pembeni. Wavumeshi usilazwe na kuvutwa juu kwa ndoano. Uwekwe juu ya biskuti za zege zenye kitako bapa. Toroli lipite juu ya mbao. Bomba la maji machafu linapotoboa nailoni, likatiwe kola ya nailoni na kufungwa kwa utepe kulizunguka.

Povu linataka kuchaguliwa kwa uangalifu, kwani si kila povu jeupe ni la sakafuni. La kufungashia ni jepesi na hubonyea. La sakafu liwe na uzito wa karibu kilo 20 kwa mita ya ujazo. Dukani hutapewa mita ya ujazo upime, lakini unaweza kupima ubao mmoja. Ubao wa mita 1.2 kwa 2.4 wenye unene wa sentimita 5 unapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 3. Ukikuta kilo 1 na nusu, umeshika povu la kufungashia. Watu huuliza iwapo povu litabeba nyumba. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita ya mraba, na vitanda, makabati na watu huongeza takriban kilo 200. Povu la uzito huo wa kilo 20 hubeba hayo bila taabu. Lakini ukuta unaobeba paa haukai juu yake. Ukuta ukae juu ya msingi wake, na povu liishie ndani. Kwa chumba cha mama tulihitaji mbao tano za povu, zilizobanana bila nafasi, maungio yakipishana kama ya tofali.

Sasa niseme hatari ya kuweka nailoni kwanza, maana ipo. Nailoni iliyopandishwa pembeni ni bakuli. Inazuia maji ya chini yasipande, na inazuia maji ya juu yasishuke. Nyumba moja niliyoisimamia miaka ya nyuma ilitandikwa nailoni na povu Ijumaa, zege likasubiri Jumatatu, na Jumamosi mvua ikanyesha. Mafundi walifagia maji yaliyoonekana wakaendelea. Maji yaliyokuwa chini ya povu hayakuonekana. Miezi mitano baadaye chumvi nyeupe ilianza kutoka kwenye maungio ya vigae, na vigae vikawa vinalia debe tupu ukivigonga. Nyanda hizi mvua zake huanza karibu Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Dada alimwaga zege Septemba. Na hata Septemba, nailoni, povu, wavumeshi na zege vya chumba kile viliingia ndani ya siku mbili, na usiku wa katikati tuliweka turubai.

Zege lililo juu ya nailoni halinywewi na ardhi, kwa hiyo maji yake hupanda juu na kubaki usoni muda mrefu. Fundi asiye na subira hunyunyizia saruji kavu ili ayanyonye, na uso huo hubanduka baadaye kama maganda. Asubiri. Penye usiku wa baridi chini ya nyuzi 5 zege hukomaa polepole sana, hivyo tulilifunika kwa nailoni na nyasi kavu na kulitunza na maji kwa siku saba. Anayetaka mbao juu ya sakafu yake avute subira zaidi, kwa sababu zege la sentimita 10 huchukua miezi kadhaa kukauka hadi ndani.

Ukingo tuliushughulikia kuta zilipokwisha kusimama. Tulichimba mfereji kuzunguka nyumba, kina cha sentimita 50, tukasugua uso wa msingi, tukabandika povu kwa gundi ya saruji kuanzia juu ya ulimi wa jamvi hadi chini ya mfereji. Gundi iwe ya saruji. Lami iliyoyeyushwa kwa petroli au thina hulila povu kama maji yanavyokula sukari. Nimeona ubao mzima ukigeuka utando. Kona za nyumba ndizo zinazopoa kuliko kwingine, kwa hiyo hapo povu lizungushwe bila kuachwa pengo. Juu yake tulipigilia wavu wa kuku, tukapiga lipu ya sentimita 2, maana jua huligeuza povu kuwa unga wa njano na jembe la palizi hulitoboa. Ncha ya juu ilikatwa mteremko ili maji ya mvua yasisimame nyuma yake.

Mchwa hawali povu, lakini hulichimba njia, na nyuma ya povu hakuna anayewaona. Ndiyo sababu tulilaza ukanda wa bati laini juu ya jamvi, chini ya tofali la kwanza, ukitokeza nje na kufunika kichwa cha povu. Mchwa akitaka kupanda ukutani atalazimika kuuzunguka ukanda huo hadharani, na njia yake ya udongo itaonekana. Kagua mara mbili kwa mwaka.

Kwa asiyeweza kupata povu, nyanda za kusini zina mawe mepesi ya volkano, hasa upande wa Mbeya na Rungwe. Tabaka la sentimita 20 la mawe hayo, yakiwa makavu kabisa, hukaribia kazi ya povu la sentimita 5. Yakilowa hayana faida, kwa hiyo nailoni chini yake si ya hiari. Vumbi la mbao, ambalo Njombe limejaa kila penye kiwanda cha mbao, lisiingie chini ya zege kamwe. Litaoza, litashuka, na litaita mchwa.

Vipi aliyekwisha jenga? Kwanza ajue ugonjwa wake. Sakafu yenye unyevu pembeni huweza kuwa na mojawapo ya sababu mbili, na watu huzichanganya. Huenda maji yanapanda kutoka ardhini. Au huenda hewa ya chumba, yenye mvuke wa pumzi na wa sufuria, inagusa ukingo baridi na kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hewa ya nyuzi 18 yenye mvuke mwingi huanza kutoa jasho kwenye uso wa nyuzi 13 hivi, na ukingo wa sakafu ya Julai hufika hapo. Kata nailoni inayopitisha mwanga, nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni karibu na ukuta kwa utepe pande zote nne, iache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, maji yanatoka ardhini, na povu la nje halitakusaidia. Ukikuta unyevu juu yake na chini ni pakavu, tatizo ni ukingo baridi. Huyu wa pili hahitaji kuvunja sakafu. Achimbe mfereji, abandike povu, apige lipu, na awe anafungua madirisha mchana.

Sitaki kumdanganya mtu kuhusu matokeo. Zege lililohamiwa bado ni zege. Mguu mtupu alfajiri bado unalisikia, na mama bado anataka mkeka kando ya kitanda. Lakini Julai iliyopita tuliweka kipimajoto sakafuni, kwenye kona ileile inayopigwa na kusi. Saa kumi na mbili asubuhi kilisoma nyuzi 16, wakati kwenye kona ya nyumba ya zamani ya dada, iliyo mtaa wa pili na yenye jamvi la kawaida, kilisoma 12. Nyuma ya kabati la mama hakuna ukungu.

Kama unajenga mwaka huu, nenda mwenyewe kwenye kiwanja siku moja kabla ya zege. Vua viatu, tembea juu ya nailoni kabla povu halijawekwa, tafuta matundu kwa macho na kwa nyayo, uyazibe, kisha piga picha kila kona na kila bomba. Zege likishamwagwa, hutaiona tena nailoni hiyo bila nyundo na patasi.